Dakika Kumi Kabla ya "Korti!"

Jumamosi asubuhi, chumba cha mihadhara kimegeuzwa mahakama igizo, ambamo wanafunzi wa sheria hufanya mazoezi ya uwakili. Meza ya mwalimu imefunikwa kitambaa chekundu, bendera ndogo ya taifa imesimamishwa pembeni, na feni ya darini inazunguka bila kupunguza joto. Wanafunzi wanne wamekaa mbele, wawili kulia na wawili kushoto, wote ndani ya suti nyeusi. Mmoja wao ametoka Mbagala alfajiri kwa daladala, koti kalibeba mkononi njia nzima lisikunjike. Jaji yuko chumba cha pili anakunywa maji. Kabla hajaingia, mimi nina dakika kumi za kusema na hawa vijana: jaji ni nani, kesi ni ipi, nani anafanya nini na kwa utaratibu gani.

Nimeifanya kazi hii ya utambulisho kwa misimu kadhaa hapa Dar es Salaam. Mwanzoni niliiona kama kazi ya mshereheshaji, ya kukaribisha watu na kusoma wasifu. Siku moja nikaiharibu mwenyewe, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kesi tunayoitumia mara nyingi kwa mahakama igizo ni rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi. Wengi wameisikia. Mwaka 2016 Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu, hapa Dar es Salaam, akipinga vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kinaweka umri wa chini wa kufunga ndoa, miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Kifungu hichohicho kinairuhusu mahakama kukubali ndoa ya aliye chini ya umri huo, mradi awe ametimiza miaka 14 na kuwe na mazingira maalumu. Kifungu cha 17 kinataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba kabla ya kuolewa, baba akiwa amefariki iwe ya mama, na wote wakiwa hawapo iwe ya mlezi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Ibara za 12, 13 na 18 za Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa.

Siku niliyoharibu, nilisimama nikasema hivi: "Vijana, leo tunasikiliza kesi ya ndoa za utotoni." Sikuona kosa lolote. Ndivyo redio na magazeti walivyoiita. Lakini upande wa mrufani, yaani wale waliopangiwa kuitetea Serikali, walikuwa wameshashindwa kabla hawajafungua mafaili. Kama ndoa hiyo ni ya utotoni, basi anayeolewa ni mtoto, na kama ni mtoto, nani atasimama kumtetea anayemwoza? Swali zima la rufaa lilikuwa humo: je, Katiba inamtazama mwenye miaka 15 kuwa mtoto kwa madhumuni ya ndoa, na je, kumpangia yeye umri tofauti na mvulana ni ubaguzi? Mimi nilikuwa nimelijibu kwa maneno mawili, nikiwa nimevaa beji ya mratibu.

Msemaji wa kwanza wa mrufani alinyanyuka akaanza kwa kuomba radhi. Alitumia karibu nusu ya muda wake akijitenga na hoja zake mwenyewe: binafsi hakubaliani na ndoa za utotoni, ila kwa niaba ya Serikali... Jaji alimwacha amalize, kisha akauliza kwa upole, "Wakili, wewe leo unamwakilisha nani?" Kijana akakaa kimya. Lawama ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nasema "rufaa kuhusu umri wa chini wa kufunga ndoa." Sentensi yangu ya kuitambulisha kesi naiandika kabla, na naipima kwa njia moja: naisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa masikio ya wakili wa mrufani, ya pili kwa masikio ya wakili wa mjibu rufani, yaani upande wa Gyumi. Kama mmoja wao angenyanyuka kupinga, sentensi haifai. "Msichana wa miaka 15" mrufani anaweza kulikubali, na mjibu rufani pia, kwa sababu ndivyo kifungu kinavyoongelea umri. "Mtoto wa kike wa miaka 15" hapana, kwa sababu limeshaamua. "Sheria kandamizi" hapana. "Sheria inayomlinda binti" vilevile hapana. Kwa lugha yetu jambo hili lina ugumu wake, maana hata kitenzi kina upande. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na ukisema "kuozwa" umeshamweka baba katikati na ridhaa ya binti umeitilia shaka. Nikitaka kuwa salama nasema "kufunga ndoa".

Jambo la pili ninalolieleza kuhusu kesi ni lile ambalo halimo. Wanafunzi wengi wanaosimama upande wa Gyumi huja na msichana. Wanamwelezea: ametolewa darasani, analia, mzee kaleta ng'ombe. Wanasimulia kwa uchungu wa kweli, na ukumbi unanyamaza. Lakini katika kumbukumbu za rufaa hayupo msichana huyo. Shauri lililetwa na mwanaharakati kwa manufaa ya umma, akitumia Ibara ya 26(2) inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda Katiba, na kinacholalamikiwa ni maandishi ya sheria yenyewe. Mahakama igizo, kama rufaa yoyote, haina shahidi wa kupanda kizimbani. Ukweli wa kesi umefungwa ndani ya karatasi walizogawiwa, na wakili anayeongeza mtu ambaye hayumo anamkaribisha jaji aulize, "Hilo liko ukurasa wa ngapi?" Hakuna swali linalomtoa kijana jasho kama hilo. Kwa hiyo nawaambia mapema: mjadala wenu uko kwenye maneno ya vifungu na maneno ya Katiba. Neno dogo tu linaweza kuwabeba. Kwa mfano, kifungu cha 13, katika maandishi yake ya Kiingereza, hakisemi mtu awe ametimiza miaka 15 moja kwa moja. Kinazungumzia umri anaoonekana kuwa nao. Anayekisoma kwa makini atauliza nani anautazama umri huo na kwa macho gani, na hapo atakuwa na hoja halali ambayo haihitaji msichana wa kubuni.

La tatu ni tarehe. Mahakama ya Rufani iliamua rufaa hii tarehe 23 Oktoba 2019, ikaitupa, uamuzi wa Mahakama Kuu ukabaki. Kila mwanafunzi anajua, au atajua akifungua simu. Ukiiacha kesi hivyohivyo, mjibu rufani atasimama na kusema hili lilishaamuliwa, akae. Ndiyo maana tunaweka tarehe ya usikilizwaji: nawaambia kwamba leo, ndani ya chumba hiki, ni Septemba 2019. Kilichoandikwa baada ya hapo hakipo, ikiwemo hukumu yenyewe.

Kanuni hiyo inaonekana nyepesi hadi ikiukwe. Kijana mmoja aliwahi kusimama kwa upande wa mrufani na pingamizi zuri sana, amelipanga vizuri, kwamba mleta maombi, yaani Gyumi, hakuonyesha ameathirika vipi yeye binafsi, na sheria ya utekelezaji wa haki za msingi inataka aape hivyo kwa kiapo. Ni kweli sheria hiyo inataka. Lakini sharti hilo liliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2020. Mwezi Septemba 2019 halikuwepo. Jaji alimuuliza, "Wakili msomi, sheria hiyo imeanza kutumika lini?" Akatazama karatasi yake, akamtazama mwenzake, na dakika mbili zikapotea. Siku hizi natamka tarehe mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa utambulisho, na naiandika ubaoni.

Baada ya kesi ndipo namtambulisha jaji. Hapa kuna tabia ninayoipinga waziwazi: kusoma wasifu mrefu. Shahada ya kwanza wapi, ya pili wapi, kamati alizokaa, tuzo. Kwenye harusi sawa. Kwa wanafunzi wanne wenye mikono inayotetemeka, kila sifa ya jaji ni mzigo mwingine, na hakuna hata moja inayowasaidia kujua wafanye nini akiingia. Kwa hiyo siku mbili kabla nampigia simu jaji na kumuuliza mambo matatu. Umesoma hoja zao za maandishi? Utauliza maswali wakiwa wanaongea, au utasubiri wamalize? Unataka wakusimulie ukweli wa kesi, au waingie moja kwa moja kwenye hoja? Majibu hayo ndiyo ninayowapelekea vijana.

Mara ya mwisho jaji wetu alikuwa hakimu mstaafu, mama mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kufoka mahakamani kwake. Niliwatambulisha hivi: "Mtamwita Mheshimiwa Jaji. Amezoea kwa miaka mingi kusikiliza mawakili, na hoja zenu za maandishi amezisoma zote, kwa hiyo msimsomee. Atawakatisha. Akiwakatisha maana yake anawafuatilia. Ukweli wa kesi anaujua, hataki kuusikia tena. Anachotaka ni kujua, akikupa unachoomba, ataandika nini kwenye hukumu." Sentensi hiyo ya mwisho ni yake, aliniambia kwenye simu, nami nimeitumia kwa majaji wengine baada ya kuwauliza kama wanaikubali.

Kuhusu kumwita jaji, Kiswahili kimetusaidia. "Mheshimiwa Jaji" inamtosha mwanamume na mwanamke. Waliozoea mazoezi ya Kiingereza huteleza wakasema "mai lodi" mbele ya mama, kisha wanajirekebisha mara tatu na fikra inapotea. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwangu hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuendesha mahakama igizo kwa lugha hii. Ndani ya Septemba yetu ya 2019 hukumu ingeandikwa kwa Kiingereza, najua, lakini kanuni ya tarehe inahusu sheria wanayoitegemea, haihusu ndimi zao.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kusema juu ya jaji, na kinapaswa kusemwa mbele ya pande zote mbili: kama amewahi kumfundisha mmoja wao, au ana undugu naye, au mmoja alifanya mafunzo ofisini kwake. Nakitamka wazi na nauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hajawahi kutokea. Ila kikigundulika baada ya matokeo, hakuna maelezo yatakayowatosha walioshindwa.

Majukumu nayaeleza haraka. Kila upande una wasemaji wawili na mtafiti mmoja anayekaa nyuma yao. Mtafiti haongei, anaandika vikaratasi na kuvisogeza mezani, na ninamwomba avisogeze kabla swali halijajibiwa, maana baada ya hapo vinamvuruga tu msemaji. Karani anaita kesi na kushika muda. Jaji ana kazi mbili kwa wakati mmoja, na hapa nasimama kidogo. Ya kwanza ni kusikiliza rufaa. Ya pili ni kutoa alama kwa wasemaji: uelewa wa sheria, mpangilio wa hoja, namna ya kujibu maswali, adabu ya mahakamani. Kazi hizi mbili hazifungamani. Mrufani anaweza kushindwa rufaa na kuondoka na alama za juu. Wanafunzi wasipoambiwa hivyo, upande unaohisi kesi yake ni ngumu unakata tamaa njiani.

Utaratibu uko hivi. Karani anaita "Korti!", wote tunasimama, jaji anaingia, anainama kidogo, nasi tunainama. Karani anasoma jina la rufaa. Msemaji wa kwanza wa mrufani anatambulisha mawakili wa upande wake, kisha wa mjibu rufani wanajitambulisha wenyewe. Mrufani ndiye anayelalamika, kwa hiyo anaanza: msemaji wa kwanza dakika 15, wa pili dakika 15. Mjibu rufani anafuata kwa muda uleule. Mwisho mrufani anapewa majibu ya nyongeza, dakika zisizozidi 5, na dakika hizo zinatoka kwenye 30 zake. Lazima aziombe mwanzoni. Kila mwaka kuna anayesahau, akifika mwisho anasimama na kukuta hana hata sekunde. Katika majibu hayo hairuhusiwi kuleta hoja mpya, anajibu tu aliyoyasikia kwa mwenzake.

Swali la jaji linakula muda wa wakili. Hili linawaudhi vijana, na huwa naulizwa kama saa inaweza kusimamishwa. Haisimamishwi. Karani atanyanyua kadi yenye namba 5, baadaye 1, mwisho kadi tupu nyekundu. Kadi nyekundu ikitoka katikati ya jibu, wakili anasema, "Mheshimiwa Jaji, naona muda wangu umekwisha, naomba nafasi ya kumalizia jibu," kisha anasubiri ruhusa. Anayeendelea bila kuomba anapoteza alama hata kama jibu lake ni zuri.

Nawapa pia swali moja la mfano, ili waone swali la jaji linakuwaje. Nachagua lile ambalo najua litaulizwa kwa namna moja ama nyingine: "Kifungu cha 13 kikibatilishwa leo asubuhi, mchana huu umri wa msichana kufunga ndoa ni upi?" Nawaachia wafikiri. Kifungu kikifutika tu, sheria inabaki bila umri wowote wa chini, na aliyekwenda mahakamani kumlinda binti atakuwa amemwacha wazi zaidi. Mjibu rufani anatakiwa ajue njia ya kutokea: Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha, na ndicho Mahakama Kuu ilichofanya. Mrufani naye ana swali lake humohumo. Mahakama ilipotaja miaka 18, je, ilikuwa inatafsiri Katiba au ilikuwa inaandika sheria, kazi ya Bunge?

Swali hili lilinisaidia na binti mmoja aliyenifuata wiki moja kabla ya usikilizwaji. Alikuwa amepangiwa upande wa mrufani. "Mwalimu, naomba nibadilishwe. Dada yangu aliolewa akiwa kidato cha pili. Siwezi kusimama nikatetea hili." Sikumwambia kwamba wakili hutetea yeyote. Nilimuuliza amesoma sababu za rufaa zote au ameishia kwenye kichwa cha habari. Tukakaa kwenye ngazi za nje, tukazipitia. Hoja ya kwamba tofauti ya umri iliwekwa kumlinda msichana hakuitaka, na hoja ya mila na dini hakuitaka kabisa. Lakini tulipofika kwenye suala la nani mwenye mamlaka ya kubadilisha sheria, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo naweza kusema sheria ibadilishwe, ila ibadilishwe Dodoma."

Nilimjibu kwamba mteja wake hajasema sheria ibadilishwe, kwa hiyo mahakamani hawezi kulikiri hilo kwa niaba yake. Anachoweza ni kuchagua uzito autupe wapi. Akagawana hoja na mwenzake: mwenzake akachukua vifungu na suala la ubaguzi, yeye akachukua mamlaka ya mahakama na nafuu zilizotolewa.

Siku ya kesi jaji alimuuliza swali lilelile, kwa kuligeuza: "Wakili msomi, Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja, mwaka umepita, sheria iko vilevile. Unaniomba niendelee kulisubiri Bunge hadi lini?" Akashika ukingo wa meza. "Mheshimiwa Jaji, Mahakama hii ina mamlaka ya kuongeza muda na kuweka ukomo. Haina mamlaka ya kukaa kwenye kiti cha mbunge." Jaji aliandika kitu, akauliza tena, akajibiwa tena, na kadi nyekundu ikatoka akiwa anaomba nafasi ya kumalizia.

Rufaa yake ilitupwa. Alama zake sikuzitangaza mimi, alizitangaza jaji mwenyewe baada ya kuivua ile sura ya mahakamani, akiwaita wote "wanangu" na kuanza na makosa. Kwa binti huyo alitaja mawili: alisema "nadhani" mara nyingi mno mahali palipotaka "naiomba Mahakama ione", na alisahau kuomba dakika za majibu ya nyongeza. La pili nililiandika kwenye karatasi yangu ya utambulisho, pale juu kabisa, kabla ya jina la kesi.